Kopo la dawa la Bi Mwanahawa: namna ya kukagua dawa za mzee anayechanganya vidonge na miti

Bi Mwanahawa nimemtunga, lakini vilivyomo koponi mwake vinapatikana katika nyumba nyingi za Pangani, Muheza na Tanga mjini. Ana miaka 71 na anaishi Pangani na mjukuu wa darasa la sita. Binti yake, Zuhura, yuko Tanga mjini. Mwaka huu, kwa vipindi, mjukuu amekuwa akimkuta bibi alfajiri amelowa jasho, mikono inatetemeka, maneno hayaeleweki. Mara ya kwanza walidhani ni malaria. Mara ya pili jirani alisema ni upepo mbaya. Akinywa chai yenye sukari anarudi sawa, na jua likichomoza anafagia uwanja kama hakuna lililotokea.

Bibi ana kisukari. Miaka kadhaa nyuma alianzishiwa glibenklamidi, kile kidonge kidogo cha miligramu 5. Baadaye kliniki wakamwondolea, wakampa metformini ya miligramu 500, kimoja asubuhi na kimoja jioni baada ya kula. Metformini ilimchafua tumbo. Glibenklamidi zilizobaki hakuna aliyezichukua, nazo zikaingia koponi. Siku akihisi mwili mzito anameza kimoja usiku, kwa sababu anakumbuka jinsi kilivyoishusha sukari yake zamani. Juu yake anakunywa maji ya uwatu na majani ya mwarobaini.

Zuhura alichofanya ndicho mwongozo huu. Unafaa pia kwa mzee mwenye presha au maumivu ya magoti, ila majina ya dawa yatabadilika.

Hatua ya 1: Kusanya kila kitu, wala usitupe

Kosa linalofanywa na watoto wengi wanaotoka mjini ni kufika, kukasirika na kumwaga kopo lote jalalani. Hapo umepoteza ushahidi, na mzee amejifunza kukuficha. Chukua mfuko mmoja, uweke kila kitu kama kilivyo: vidonge katika karatasi zake hata kama zimekatwakatwa, bahasha za dawa hata kama zimefutika, chupa, matone ya macho, dawa za kuchua. Usitoe vidonge kwenye karatasi ili vichukue nafasi ndogo, maana kidonge cheupe cha duara kikishatoka hakuna anayeweza kuapa ni cha nini.

Kopo si mahali pekee pa kutafuta. Angalia chini ya godoro, kwenye mkoba anaokwenda nao kliniki, katika kabati la vyombo, na pindo la kanga. Muulize pia kama kuna jirani anayemgawia, kwa sababu wazee wenye maradhi yanayofanana hugawiana vidonge kama wanavyogawiana chumvi.

Kwa upande wa miti, beba jani au mbegu yenyewe, si unga peke yake. Unga wa kijani unaweza kuwa mwarobaini, mlonge au kitu kingine kabisa. Beba na kikombe au kijiko anachopimia. Zuhura aligundua kwamba "kijiko kimoja cha uwatu" cha mama yake ni kile kijiko kikubwa cha kupakulia mchuzi.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Ukiuliza, "Mama, unatumia dawa za kienyeji?" utajibiwa hapana, kwani kwake uwatu ni uwatu tu, kitu cha jikoni. Fuata siku yake badala ya kutafuta dawa:

"Mama, ukishaswali Isha unakunywa nini?"

"Maji yangu ya uwatu."

"Na kabla ya hapo?"

"Magharibi nakunywa mwarobaini wangu, nusu kikombe. Mchungu, lakini unasafisha damu."

"Na vidonge?"

"Vile vya kliniki. Hiki kidogo ni siku moja moja, nikiona mwili hautaki."

Hilo la mwisho asingelisema angeulizwa kwa ukali.

Hatua ya 2: Andika usiku na mchana wake kwenye karatasi moja

Chora mistari ya saa, uandike kila kinachoingia mdomoni, chakula pamoja na dawa. Andika kama mzee anavyosema, kisha ongeza "asubuhi" au "usiku" mbele ya kila saa, maana wapo wanaosoma saa ya dawa kwa simu na kukosea kwa saa sita nzima. Karatasi ya Zuhura ilikuwa hivi:

- Saa 1 asubuhi: chai, muhogo, metformini 1
- Saa 7 mchana: wali au ugali, samaki. Diklofenaki 1 magoti yakiuma
- Saa 12 jioni: mwarobaini uliochemshwa, nusu kikombe
- Saa 1 usiku: uji mwepesi, metformini 1 (huiruka tumbo likisumbua)
- Saa 2 usiku: maji ya uwatu, glasi nzima. Siku nyingine glibenklamidi 1
- Saa 10 alfajiri: hapa ndipo jasho na kutetemeka hutokea

Halafu kumbukeni pamoja siku za matukio na mlinganishe. Mjukuu ndiye aliyekumbuka kwamba safari zote bibi alikuwa amekula uji tu usiku, tena safari moja ilikuwa wiki ile alipokuwa akimeza septrini kwa sababu ya mkojo kuchoma. Septrini hiyo haikuandikwa popote. Ilibaki kwa mgonjwa mwingine wa nyumba hiyo, ikamaliziwa na bibi.

Kagua pia kama anazielewa alama za kwenye bahasha. "1x2" maana yake ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku. Wapo wanaoisoma kuwa kimoja kwa siku mbili, au viwili kwa mara moja. Usimuulize, "Umeelewa?" Mwambie akuoneshe kwa vidonge vyenyewe asubuhi anachukua vipi na jioni vipi.

Hatua ya 3: Tazama tarehe, ila usiishie hapo

Kwenye karatasi ya vidonge tafuta herufi EXP. Ikiandikwa mwezi na mwaka tu, dawa inatumika mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo. Tarehe hupigwa muhuri upande mmoja wa karatasi, kwa hiyo ukikata vidonge kuanzia upande huo, vinavyobaki havina umri. Vidonge vilivyolegea ndani ya bahasha havina umri kabisa, na hivyo havirudi koponi.

Pua nayo husaidia, ila ijue mipaka yake. Aspirini iliyoingiwa na unyevu hunuka siki, kwa sababu inavunjika na kutoa tindikali ile ile iliyomo kwenye siki. Hiyo imekwisha. Metformini ina harufu fulani ya samaki hata ikiwa mpya, na wagonjwa wengi huitupa bure wakidhani imeoza.

Watu wengi wakisikia "dawa za zamani" huwaza dawa zilizopita muda tu. Glibenklamidi za Bi Mwanahawa zilikuwa bado ziko ndani ya tarehe, na nguvu zake zilikuwa kamili. Hatari yake ilitokana na kwamba zilikuwa zimesitishwa na bado zinafanya kazi. Kidonge kilichochakaa mara nyingi hakitibu. Kidonge kizima ambacho daktari alikiondoa kinaweza kukuangusha usiku huo huo. Ndiyo maana ukikagua kopo, panga mafungu mawili ya kuondoa: yaliyopita tarehe, na yaliyositishwa. La pili ndilo la kuogopa, na tarehe ya kwenye karatasi haitakuonesha. Litaonekana ukilinganisha kila dawa na daftari la kliniki la mara ya mwisho.

Hatua ya 4: Chagua duka, chagua saa

Vijijini na miji midogo ya Tanzania yapo maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003. Muuzaji wake amepata mafunzo ya kutoa dawa lakini si mfamasia. Kwa parasetamoli na chumvichumvi za kuharisha anatosha. Kwa mfuko kama huu nenda famasi penye mfamasia, au dirisha la dawa la hospitali anakotibiwa mzee. Usiende jioni watu wanapotoka kazini. Kati ya saa 4 na saa 6 mchana ndipo unaweza kupata mtu wa kukaa na wewe dakika ishirini.

Zuhura aliingia na mfuko, daftari la kliniki na karatasi yake.

"Habari za asubuhi, kaka. Mfamasia yupo?"

"Ndiye mimi, dada. Karibu."

"Sijaja kununua kwanza. Naomba unitazamie dawa za mama yangu, ana sukari na miaka 71. Alfajiri anatoka jasho na kutetemeka, akinywa chai ya sukari anapona."

Sentensi ya namna hiyo ina ugonjwa, umri, dalili, saa na kinachoiondoa dalili. Mfamasia hakuhitaji kuuliza mara tatu. Alivuta kiti, akamwaga mfuko mezani.

Maswali aliyomuuliza ndiyo ya kujiandaa nayo kabla hujatoka nyumbani. Je, figo zake zimewahi kupimwa, na majibu yako wapi? Sukari yake ya mwisho ilikuwa ngapi, na ilipimwa kabla ya kula au baada? Amepungua uzito? Anafunga? Ameanguka karibuni? Swali la kufunga kwa Pangani si la kupuuzwa, kwa sababu anayemeza dawa ya kushusha sukari na kushinda bila kula anahitaji mpango wake kabla ya Ramadhani kuingia.

Kisha alikiinua kile kidonge kidogo.

"Hiki anakimeza bado?"

"Siku moja moja, usiku."

"Daftari linaonesha walimwachisha. Hiki kinalilazimisha kongosho kutoa insulini, mtu awe amekula au hajala. Kazi yake inaweza kufika siku nzima. Kwa mzee, figo zinapochoka kinakaa zaidi."

Angeweza kuongeza kwamba orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ina angalizo linalosema glibenklamidi haifai kwa waliopita miaka 60. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi, ndiyo sababu kliniki walibadilisha.

Kuhusu uwatu na mwarobaini hakucheka wala hakukemea. Alieleza kwamba vyote viwili vinaweza kuivuta sukari chini. Uwatu una utelezi unaochelewesha wanga kuingia kwenye damu, na utelezi huo huo unaweza kuchelewesha vidonge vinavyomezwa pamoja nao. Mwarobaini nguvu yake haitabiriki, kwa sababu majani ya mti mmoja na mwingine hayalingani, wala nusu kikombe cha leo si sawa na cha jana kilichochemka zaidi. Kwa mtu wa metformini peke yake pengine usingeona kitu. Tatizo ni usiku ule ambao glibenklamidi, mwarobaini na uwatu vinakutana juu ya uji mwepesi. Watu watatu wanasukuma mkokoteni ule ule kwenye mteremko, na hakuna aliyeshika breki.

Septrini ndiyo iliyomfanya atikise kichwa. Septrini huongeza nguvu ya glibenklamidi, na kwa wazee jambo hilo linajulikana kuwapeleka watu hospitali wakiwa hawajitambui. Nayo diklofenaki ya magoti, ikitumiwa mara kwa mara, huzichosha figo, na figo zilizochoka ndizo zinazokifanya kidonge kidogo kikae mwilini. Bibi alikuwa akimeza vitu hivyo kwa sababu tofauti kabisa, magoti, mkojo, mwili mzito, lakini vyote vilikuwa vinaishia kwenye alfajiri ile ile.

Hatua ya 5: Toka na majibu matatu yaliyoandikwa

Usikubali kutoka na maneno ya jumla kama "awe makini na miti shamba." Mwombe mfamasia akuandikie mambo matatu: kipi kiachwe leo, kipi kiendelee, na kipi kisubiri daktari.

Kwa Bi Mwanahawa ilikuwa hivi. Glibenklamidi iachwe leo, kwani kliniki walishaiacha. Septrini iachwe, na mkojo ukichoma tena apimwe. Metformini iendelee, imezwe katikati ya chakula au mara baada yake ili tumbo litulie, na asubuhi na jioni isirukwe. Mwarobaini usimame mpaka sukari ipimwe kwa wiki mbili bila ya huo mchanganyiko, la sivyo hakuna atakayejua nini kinafanya nini. Uwatu ubaki kwenye achari na mchuzi. Glasi ya usiku isimame, na ikirudi baadaye ikae mbali na vidonge kwa saa mbili. Diklofenaki isubiri daktari na kipimo cha figo. Kwa sasa parasetamoli.

Mfamasia hawezi kubadilisha dozi ya kliniki wala kuanzisha dawa mpya ya sukari, na akijaribu kukuuzia, shukuru uondoke. Anachoweza ni kukuonesha kilichogongana, na kukupa karatasi ya kumpelekea daktari.

Zipo dawa ambazo hata kikombe kimoja cha miti kinangoja ruhusa: varfarini ya kuzuia damu kuganda, dawa za kifafa, za kifua kikuu, za kupunguza makali ya VVU, na digoksini ya moyo. Kwa mzee anayetumia mojawapo, piga simu kwanza, pilikapilika za kukusanya mfuko zifuate.

Na neno dogo kuhusu unga wa pakiti unaouzwa kwa kipaza sauti stendi. Ukiona unaondoa maumivu ya miaka ndani ya saa moja, shuku kwamba umechanganywa na dawa ya kisasa isiyotajwa. Uingize kwenye mfuko kama kidonge kingine chochote.

Hatua ya 6: Jiandae kwa usiku huu huu

Kama mzee amemeza kidonge cha kushusha sukari jana au leo, hatari haijaisha kwa sababu umekwenda famasi. Zuhura alimpigia simu mjukuu akiwa bado kwenye kiti cha mfamasia, akamwelekeza hivi.

Bibi akitoka jasho, akitetemeka, akichanganyikiwa au akiwa mkali bila sababu, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika nusu kikombe cha maji. Asali au soda yenye sukari inafaa pia. Kukiwa na mashine pima, na chini ya 3.9 mmol/L ni sukari iliyoshuka, lakini usipoteze muda kuitafuta. Subiri dakika 15. Hajatulia, rudia. Akitulia, ale chakula chenye wanga, mkate au muhogo, maana sukari ya kikombe inaisha haraka kuliko kidonge. Kisha apelekwe kituo cha afya hata kama anasema amepona, kwa kuwa glibenklamidi inaweza kumwangusha tena saa kadhaa baadaye. Mtu alale naye chumba kimoja.

Akiwa hajitambui au hawezi kumeza, usimtie chochote mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali, na ubebe karatasi ya dawa.

Hatua ya 7: Mazungumzo ya nyumbani

Zuhura alirudi Pangani Ijumaa. Alisubiri mama amalize kula.

"Mama, hiki kidonge kidogo ndicho kinachokutoa jasho alfajiri."

"Hicho ndicho kilichonishusha sukari mimi. Hivi vikubwa vinanitibua tumbo."

"Kilikushusha ukiwa na figo za miaka ile. Sasa kinakushusha mpaka unashindwa kumjua mjukuu wako."

Bi Mwanahawa akanyamaza, halafu akauliza swali alilokuwa nalo moyoni, "Na mwarobaini wangu?"

"Upumzike wiki mbili, tupime. Daktari akiona sukari, tutamuuliza mbele yako."

Alikubali la kidonge na kulikataa la uwatu. Wakapatana: uwatu asubuhi saa 4, kijiko kimoja cha chai, mbali na vidonge, na usiku hapana. Si alichotaka mfamasia, lakini ni mpango ambao mzee ataufuata kweli. Naona mpango wa namna hiyo una faida kuliko katazo litakalovunjwa jikoni taa zikizimwa. Uandike kwenye karatasi ya daktari kama ulivyo, usioneshe kwamba ameacha.

Vidonge vya kuondoa warudishie famasi au hospitali, uwaulize kama wanapokea za kuteketezwa. Wasipopokea, vichanganye na majivu yenye maji ndani ya chupa ya plastiki, funga kizibo, tupa mbali na watoto na kuku. Usivipe jirani hata kama anaumwa kile kile.

Kliniki inayofuata, nenda na karatasi ya saa, karatasi ya mfamasia na vipimo vya sukari vya wiki mbili. Omba kipimo cha figo. Na daktari akibadilisha dawa, mwombe aandike kwenye daftari jina la ile iliyoachwa na neno "imesitishwa", kisha zilizobaki nyumbani uzitoe koponi siku hiyo hiyo, kabla dawa mpya hazijaingia.